Komunike Isiyo na Wajomba

Watoto wa Alunguli, hapa Kindu, hawajui jina lake. Ukiwauliza nyumba ya Émilienne watakutazama kama umeuliza njia ya kwenda mwezini. Uliza Mama Komunike, na watakupeleka mbio hadi karibu na mlango, kisha watarudi nyuma kidogo, kwa sababu wameambiwa kwamba mwanamke huyo akikutaja redioni unakufa.

Anauza mafuta ya mawese. Mafuta yake hayajawahi kutiwa maji, na ndiyo maana wanunuzi wanakuja. Wanakuja, wanalipa, wanaondoka. Hakuna anayekaa kupiga soga. Wakristo humkwepa wakitoka misa, Waislamu humkwepa wakitoka msikitini, na viongozi wa dini wanaohubiri umoja kila sikukuu wangepaswa kumshukuru, kwa kuwa hakuna jambo lingine ambalo waumini wao wamekubaliana hivyo.

Ili kuelewa kosa lake ni lazima uelewe komunike. Kwetu Kindu muntu hafi mpaka redio iseme. Unaweza kuwa umepoa tangu jogoo la kwanza, umeoshwa, umevalishwa suti ya shemeji yako, lakini kama mtangazaji hajasoma jina lako, basi wewe bado umechelewa kuamka tu. Familia inaandika karatasi, inaipeleka redioni, na mtangazaji anasoma kwa sauti ya huzuni ya kukodi: fulani, anayejulikana kwa jina fulani, ametutoka, wanajulishwa fulani wa Lokandu, fulani wa Kibombo, fulani wa Obokote, popote walipo. Hiyo orodha ya wanaojulishwa ndiyo komunike yenyewe. Marehemu atasamehe akikosewa jina, maana hana njia nyingine. Jamaa aliyesahauliwa hasamehi. Atakuja matangani na kinyongo kizito kuliko mbuzi walioletwa na wengine.

Sasa, mwaka wa mwisho mwisho wa vita, mji ulikuwa umefungwa kama chupa. Ndani walikuwa waasi na wakubwa zao, nje msituni walikuwa wale wengine waliopigana nao, na katikati walikuwa watu, ambao hawakuulizwa na upande wowote. Jérôme, mume wa Émilienne, alikuwa Lokandu. Alikuwa amepeleka chumvi huko kwa mtumbwi ili arudi na samaki, njia ikafungwa nyuma yake. Mjini wakubwa wa vita walisema chumvi ile ilikuwa inawafikia watu wa msituni. Inawezekana. Chumvi haiulizi sufuria ni ya nani.

Émilienne alibaki Alunguli na mama mukwe wake, Rehema. Mzee huyo alikuwa Mwislamu wa kusali sala tano; mtoto wake mukubwa alimpeleka kwa mapadri apate shule, akarudi anaitwa Jérôme; mdogo, Kassim, alikataa maji ya padri na shule pamoja. Mama alipikia wote wawili na hakumwona Mungu akilalamika.

Asubuhi moja redio ya mjini ikasema Rehema amefariki.

Rehema mwenyewe alikuwa uani, anachambua sombe, majani ya muhogo ya mchana.

“Émilienne,” aliita, “redio inasema nini?”

“Inasema umekufa, mama.”

“Basi na hii sombe nani atakula?”

Walicheka. Émilienne anasema mpaka leo kicheko kile kinamuuma kuliko mengine yote. Walicheka kwanza. Ndipo wakasikia mwisho wa tangazo: Jérôme aliyeko Lokandu anaombwa kufika haraka kwa mazishi ya mama yake, anayetangaza ni muke wake, Émilienne.

Hakuna aliyecheka tena. Émilienne alikimbia kivukoni kutafuta muntu wa kupeleka neno Lokandu kwamba mama ni mzima. Mitumbwi ilikuwa imefungwa kwa amri. Aliomba, alilia, alirudishwa kwa kitako cha bunduki, na alama yake iko begani.

Jérôme alifika usiku ule ule. Alipiga kasia akimlilia mama aliyekuwa anamlilia yeye. Wenye bunduki walimpokea kivukoni. Wavuvi walisikia risasi, hawakuona mwili, na mto haukurudisha chochote.

Mji mzima ulikuwa umesikia: anayetangaza ni muke wake. Maswali mengine hayakuulizwa. Siku zile kuuliza nani alimpiga risasi Jérôme kulikuwa na gharama. Kuuliza nani alimwita hakukuwa na gharama yoyote, na jibu lilikuwa limeshatolewa redioni. Uvumi ukakamilisha kazi: eti alikuwa na mwanajeshi, eti alichoka kulala peke yake. Kassim alikuja kumchukua mama yake ampeleke Kibombo. Mzee Rehema alishika mlango, akasema, “Huyu mutoto hakuandika kitu, nilikuwa naye.” Kassim akajibu kwamba mama amezeeka na amelishwa dawa. Mzee alifia Kibombo miaka michache baadaye, safari hii kweli. Redio ilisoma majina ya jamaa mpaka mtangazaji akakohoa. Jina la Émilienne halikuwamo.

Hayo ni maisha yake. Mengine ni mafuta ya mawese.

Halafu amani ikaleta kamati.

Kamati ya kumbukumbu ya vita ilikuwa na mwenyekiti, makamu, kofia za aina moja, na viti vya plastiki vilivyoandikwa jina la mwenyekiti kwa rangi nyekundu. Mwenyekiti ni Arsène, aliyevuka vita vyote akiwa na tumbo lile lile. Kamati iliamua kujenga ukuta wa majina na kuchapa kijitabu cha historia, kila marehemu na maneno yake mawili matatu, kisomwe hadharani siku ya uzinduzi. Kazi ya kuandika alipewa Claire, mwalimu wa historia. Wengine kwenye kamati walikuwa na kazi ya kukaa.

Claire alizunguka kata zote na simu yake, anarekodi watu. Juu ya Jérôme aliandika: “Aliuawa kivukoni alipoitwa na mke wake kwa njia ya redio.” Akaenda kumsomea mjane, kama alivyokuwa akiwasomea wote kabla ya kuchapa.

Émilienne alikuwa anamimina mafuta. Hakumwaga hata tone.

“Andika,” alisema. “Mulishaandika zamani.”

“Mama, kama si kweli, useme.”

“Nimesema kwa mapadri, nimesema kwa chifu, nimesema kwa mume wangu kule majini. Sasa wanataka kunisoma mbele ya watu, na maikrofoni. Nina wajukuu, madamu. Leo wanaitwa watoto wa Mama Komunike. Ikitoka kwenye kitabu, watoto wao pia wataitwa hivyo. Uvumi unakufa na wenye midomo. Kitabu kinakufa lini?”

Claire aliondoka na aibu asiyojua ni ya nini. Alikuwa na mashahidi wengi na wote walisema neno moja. Mwalimu gani angetaka zaidi?

Jioni akawasikiliza upya, mmoja baada ya mwingine. Mvuvi: “Aliitwa kwa mazishi ya mama yake; anayetangaza ni muke wake.” Mama wa sokoni: “Anayetangaza ni muke wake.” Katekista mstaafu: “Anayetangaza ni muke wake.” Hakuna aliyesema “nilimwona Émilienne akienda redioni.” Hakuna aliyesema “aliniambia ataandika.” Wote walirudia sentensi ile ile kwa maneno yale yale, kama watoto darasani wanaoimba jibu lililoandikwa ubaoni. Ndipo alipoona kwamba hakuwa na mashahidi wengi. Alikuwa na shahidi mmoja, redio, na mji mzima uliokuwa umeketi mbele yake. Na redio haijui kuandika. Kuna muntu aliandika karatasi ile, akamwandikia muntu fulani, kwa sababu fulani. Miaka yote hii watu walikuwa wameuliza komunike inasema nini. Hakuna aliyeuliza imetoka wapi.

Mtangazaji wa siku zile, Séraphin, bado yuko hai, upande wa pili wa mto, anatengeneza redio ambazo hazitengenezeki. Wakubwa wa vita walikuwa wanarekodi matangazo yao kwenye kaseti, kwa kuwa walipenda kujisikia. Siku walipokimbia watu walipora viti, meza, hata milango. Séraphin alipora katoni ya kaseti ili arekodi muziki juu yake. Uzalendo wake ulikuwa na rumba ndani.

“Papa Séraphin,” Claire alisema, “nataka nisikie kaseti ya Jérôme. Yote, si tangazo peke yake. Kilichotangulia na kilichofuata.”

Mzee alitafuta muda mrefu, akipiga vumbi mateke. Kaseti ilianza na gitaa, halafu gitaa likakatika na sauti ya Séraphin kijana ikatoka, laini kama siagi. Tarehe. Taarifa ya wakubwa: mji uko shwari, raia wanashirikiana. Halafu bila pumzi: Rehema Saleh amefariki, Jérôme aliyeko Lokandu afike haraka, anayetangaza ni muke wake Émilienne. Halafu onyo la kutovuka mto. Halafu, ndipo, ngoma ya kufungua kipindi cha matangazo ya vifo, na vifo vya kawaida vikaanza, kila kimoja na mkia wake wa jamaa.

Claire alirudisha nyuma, akasikiliza tena.

“Papa, karatasi za familia mlizisoma wapi?”

“Baada ya ngoma. Sikuzote.”

“Na hii iko mbele ya ngoma. Katikati ya taarifa yao.”

Séraphin alitazama bisibisi yake.

“Zile za kwao zilikuja pamoja, kutoka kwa ofisi yao ya juu. Bahasha moja. Na hii ilikuwa ndani. Émilienne sikumwona siku ile.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ningesema nikiwa wapi? Kaburini? Na walipokimbia, nani aliniuliza? Watu walitaka kujua kama nina kaseti tupu.”

“Nitaandika neno lako,” Claire alisema. “Lakini nitaandika pia kwamba ni wewe ulisoma, na una sababu ya kutaka lawama ikae kwingine.”

“Madamu! Nakupa ukweli, na wewe unanipima kama samaki wa jana?”

“Nakupima kama wote, papa. Kuhusu bahasha nina mdomo wako tu. Lakini ngoma iko kwenye kaseti. Ngoma haikuwa na haja ya kujitetea.”

Alipomrudia Émilienne, alimuuliza naye vilevile. Alikuwa wapi asubuhi ile, nani alimwona, nani mwingine yuko hai wa kusema.

Émilienne aliweka chupa chini. “Kumbe na mimi uniulize kama mwizi?”

“Wewe zaidi, mama. Wewe njo una faida kubwa kuliko wote maneno haya yakianguka. Nikikuamini kwa kuwa nakuhurumia, Kassim atakuja na huruma yake kwa ndugu yake, na tutarudi pale pale.”

Mjane aliziba chupa ya mafuta. Kisha akajibu kila swali, polepole, na pale asipokumbuka alisema hakumbuki. Shahidi wake pekee alikuwa Rehema, na Rehema alikuwa udongoni Kibombo.

Kwa hiyo kamati iliitwa, na Kassim akaitwa kutoka Kibombo. Alikuja kwa pikipiki, mzee sasa, kofia ya kufuma kichwani na goti lisilokunjika. Émilienne aliketi upande wa mlango. Hawakusalimiana. Claire aliwasikilizisha kaseti.

“Nimeisikia mara moja,” Kassim alisema, “ilitosha. Madamu, unataka kunipa shule niliyoikataa utoto?”

“Nataka unisaidie. Mama yako alipofariki kweli, nani aliandika komunike?”

“Mimi. Nilisema, muntu akaandika.”

“Ilisemaje?”

Kassim akajinyoosha. Hakuna muntu wa kwetu asiyekumbuka komunike ya mama yake. “Ilisema: Kassim ana huzuni kuwajulisha kifo cha mama yake Rehema Saleh, anayejulikana kwa jina la Bibi Tanganyika. Wanajulishwa kwanza wajomba, ndugu za marehemu, walioko Kasongo, mzee...”

Akaitazama kaseti. Mdomo ulibaki wazi kidogo.

“Kwanza wajomba,” Claire alisema.

“Mwanamke akifa, ndugu zake njo wenye maiti,” Kassim alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua. “Ukizika bila wao, ni vita.”

“Na baba yenu alipofariki, kabla ya vita?”

“Yeye huyu aliandika,” alisema, bila kumtazama Émilienne. “Yeye njo alikuwa anajua kalamu. Hakusahau muntu. Hata shangazi wa Obokote ambaye sisi wenyewe tulikuwa tumemsahau.”

Claire alibonyeza tena. Sauti ya siagi ikasema Rehema Saleh amefariki. Hakuna Bibi Tanganyika, jina ambalo mji wote ulimwita. Jina la kitambulisho tu, kama mwenye kuandika alikuwa na karatasi ya serikali mbele yake. Hakuna wajomba. Hakuna hata Kassim. Muntu mmoja tu aliitwa.

“Mjini wote mulimwona mzee yuko hai,” Claire alisema. “Kwa hiyo haikuandikwa kwa ajili yenu. Iliandikwa kwa sikio moja lililoko Lokandu, ambalo halikuwa na namna ya kuchungulia uani. Na aliyeandika alijua jina la Émilienne na la Jérôme, lakini hakujua matanga ya nyumba yenu yanaita nani.”

Arsène, ambaye alikuwa amelala kwa heshima, aliamka. “Lakini angeweza kuacha wajomba makusudi. Ili wasije. Muke mjanja.”

“Angeweza, mheshimiwa. Peke yake jambo hilo halitoshi. Ndiyo maana nimeleta na ngoma. Ilisomwa ndani ya taarifa ya wakubwa, mahali ambapo muuza mafuta hafiki. Viwili pamoja vinaegemea upande mmoja.”

“Basi tuandike ni wao! Jina la kamanda!”

“Jina gani? Nani aliona mkono wake? Siwezi kumtoa mama huyu kwenye kosa lisilo na ushahidi halafu nimtie mwingine humo humo, hata kama anafaa.”

Arsène aliona hasara. Kijitabu kilikuwa na kurasa chache na mchapishaji alikuwa ameahidiwa machozi. “Watu watataka mwenye kosa,” alinung’unika.

“Watu walishapewa mmoja,” alisema Claire, “wakamtafuna miaka zaidi ya ishirini.”

Kassim aliinuka. Goti lilimchelewesha, na wote walilazimika kumtazama akichelewa. Alisimama mbele ya Émilienne. Akatoka nje. Pikipiki ilisikika ikikataa kuwaka, kisha ikawaka.

Kijitabu kilitoka. Juu ya Jérôme kinasema aliitwa na tangazo lililosomwa redioni kwa jina la mke wake. Kwamba mke anakana. Kwamba namna lilivyoandikwa na mahali liliposomwa vinaonyesha halikutoka kwa familia. Kwamba aliyeliandika hajulikani. Ni sentensi kavu, na siku ya uzinduzi Arsène aliisoma mbio mbio apate kufika kwenye hotuba yake. Wengi walikuwa wanatafuta kivuli. Watoto wa Alunguli bado wanasema Mama Komunike. Jina halisomi vitabu.

Kisha ikafika kumbukumbu ya kifo cha Jérôme, na redio, baada ya muziki wake wa vifo, ikasoma: Kassim wa Kibombo anawajulisha wajomba walioko Kasongo, shangazi wa Obokote, na shemeji yake Émilienne, mjane wa marehemu, aliyeko Alunguli, kwamba dua ya Jérôme itasomwa Ijumaa nyumbani kwa jamaa ng’ambo ya mto, wote wanaombwa kufika.

Majirani walikuja mbio, wale wale wasiokaa kupiga soga. “Mama! Wamekutaja! Vaa!”

Émilienne alizima redio.

“Nani aliandika?” aliuliza.

“Si ni Kassim! Wamesema Kassim!”

“Na kipindi kile walisema Émilienne.”

Hakwenda. Ijumaa alikaa uani, mgongo ukutani, akitazama mto wanaouvuka wengine. Wanasema ng’ambo ile walimwekea mkeka, na mkeka ulibaki mtupu hadi watu walipotawanyika. Wengine waliona ni kiburi. Claire, aliyeambiwa habari hiyo sokoni, aliondoka bila kununua alichofuata.

Siku chache baadaye mtumbwi ulimleta Kassim. Alipanda mlima wa kivuko, goti lake likimvuta nyuma, akasimama penye ua pale ambapo mama yake alichambua sombe.

“Shemeji,” alisema, “ile ya juzi, ni mimi niliandika.”

Émilienne alimtazama, halafu akatazama nyuma yake, njiani, kuona kama kuna muntu mwingine. Hakukuwa na muntu. Aliingia ndani akatoka na kigoda. Hakikuwa kile kizuri. Alikiweka chini, mbali kidogo, akaendelea kumimina mafuta.